Sikuja kwenye mazishi: kumwomba radhi rafiki bila visingizio

NEEMA: Karibuni tena, tunarekodi hapa Pasiansi, Mwanza. Mimi ni Neema.

MASANJA: Na Masanja. Leo tuna ujumbe wa msikilizaji mmoja, na ametuomba tusimtaje jina. Ni dada mwenye biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Rafiki yake kipenzi alifiwa na mama, mazishi yakafanyika Sengerema siku ya Jumamosi. Dada huyu aliahidi atakuwepo, hakwenda. Sasa ameandika meseji ya kuomba radhi, ila kabla hajaituma anataka tuipitie.

NEEMA: Naisoma kama ilivyo. "Shoga, samahani sana kwa yaliyotokea. Najua unaijua biashara yangu, Jumamosi ile tulikuwa kwenye giza, mzigo ukaingia ghafla kutoka visiwani na kijana wangu akaniangusha. Hata mimi roho iliniuma, sikulala. Kama umeumia naomba unisamehe. Rambirambi nilituma, natumaini uliipata. Usinikasirikie mpenzi."

MASANJA: Kwa wasiojua mambo ya ziwani, giza ni zile siku ambazo mwezi hauwaki. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki vizuri. Kwa hiyo mzigo mwingi huja kipindi cha giza. Hapo hajadanganya.

NEEMA: Hajadanganya, kaka Masanja, na ndiyo maana nataka twende taratibu. Kila alichoandika kinaweza kuwa kweli, na bado rafiki yake akakisoma akaumia upya. Angalia nani anatenda nini humo ndani. Mzigo uliingia. Kijana aliangusha. Mambo yalitokea. Yeye mwenyewe, aliyeahidi, hakuna sentensi hata moja anayosema "sikuja".

MASANJA: Eh, kweli. Nimeirudia, haipo.

NEEMA: Halafu "kama umeumia". Mtu amezika mama yake, ulimwahidi, hukutokea. Hapo hakuna cha "kama". Ukiweka "kama" unamtwisha yeye kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Na ile "hata mimi sikulala" inamfanya mfiwa aanze kukupa pole wewe.

MASANJA: Mimi iliyonikera zaidi ni ya rambirambi. Ni kama anatoa risiti. Hela ya msiba ni heshima kwa wafiwa, inasaidia maturubai na chakula cha watu. Lakini huyu dada, katika maelezo aliyotutumia pembeni, anasema rafiki yake alimwambia Alhamisi: "Wakati wa kuweka udongo nitakuhitaji unishike." Hiyo haitumwi kwa simu.

NEEMA: Na siku yenyewe alimpigia mara mbili, simu haikupokelewa. Hayo mawili, udongo na simu, hayamo kabisa kwenye meseji. Ndiyo yanayomuuma yule mfiwa kule Sengerema, nina hakika. Radhi lazima iguse hapo hapo.

MASANJA: Sasa hapa dada Neema nitakupinga. Sababu aiseme au asiseme? Maana Mwaloni watu wanaonana. Rafiki yake atasikia tu kwamba alikuwa sokoni anapima magunia.

NEEMA: Mimi ningesubiri aulizwe.

MASANJA: Hapana. Akisikia kwa mtu mwingine itakuwa jeraha la pili. Kuna utafiti wa mwaka 2016 wa Profesa Roy Lewicki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani. Waliwapa watu zaidi ya 700 radhi za aina mbalimbali wazipime. Kilichopewa uzito mkubwa kuliko vyote ni kukiri kwamba kosa ni langu, kikafuata kujitolea kurekebisha. Kuomba kusamehewa kulishika mkia. Maelezo ya sababu yalikuwemo kwenye orodha, hayakukataliwa.

NEEMA: Nao walipima habari ya mtu anayeomba kazi ya uhasibu, siyo ya marafiki na msiba.

MASANJA: Ni sahihi, kwa hiyo tusiubebe wote. Ila mpangilio wake naukubali: kukiri kwanza. Na sababu iwe sentensi moja yenye mwenyewe. Badala ya "mzigo uliingia", aseme "nilichagua kubaki na mzigo". Hapo hajajitetea, amesema ukweli.

NEEMA: Haya, hiyo nimeikubali. "Nilichagua" inaumiza kuandika, lakini inamwondolea rafiki kazi ya kukisia. Isitoshe, zamani mtu wa Mwanza angesema foleni ya kivuko pale Busisi ilimkwamisha. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3 tu juu ya maji, unavuka kwa dakika chache. Rafiki anajua kabisa kwamba kufika kuliwezekana.

MASANJA: Tumwandikie basi. Anza wewe.

NEEMA: "Shoga, niliahidi kuwa nawe kwenye mazishi ya mama na sikuja. Uliniambia utanihitaji wakati wa kuweka udongo, nikakuacha ukasimama bila mimi. Ulinipigia mara mbili, niliona, sikupokea."

MASANJA: Aliona kweli?

NEEMA: Ameandika mwenyewe, aliiona simu akaogopa. Basi aseme.

MASANJA: Naendelea. "Nilichagua kubaki Mwaloni na mzigo. Nilikosea, na ninajuta. Naomba nije Sengerema Jumapili hii, nikae nawe na nifike kaburini kwa mama. Ukisema siyo sasa, nitasubiri mpaka utakaponiambia." Hapo aishie.

NEEMA: Na "nisamehe" je?

MASANJA: Aiache kwanza. Mtu ana wiki mbili tangu azike, usimdai jibu. Ataiomba ana kwa ana, wameketi kwenye mkeka, kama rafiki mwenyewe amefungua mlango.

NEEMA: Itumwe kwake peke yake, siyo kwenye grupu la wotsapu ambako wenzake wataanza "msamehe mwenzio jamani" na kumlazimisha. Na asimtume mtu amtangulie kumlainisha. Akiona tiki mbili za bluu na kimya, akae nacho. Asiandike "umeona meseji yangu?"

MASANJA: Akiitwa aende mapema, siyo saa kumi jioni kisha aanze kuwahi gari la kurudi. Simu iwe kwenye mkoba. Na kazi za pale azifanye: kuosha vyombo, kupokea wageni. Arobaini bado haijafika, kwa hiyo siku hiyo aitenge kuanzia sasa, hata ikiangukia kwenye giza. Mzigo atafute mtu wa kuupokea leo, asingoje wiki ile.

NEEMA: Hilo nalitilia mkazo. Asiahidi arobaini kwenye meseji kabla hajapata mtu wa kusimama sokoni. Rafiki huyu ameshapewa ahadi moja ikavunjwa, ya pili lazima iwe na uhakika.

MASANJA: Na akiambiwa uso kwa uso, "Uliniumiza sana siku ile"?

NEEMA: Ajibu "Ndiyo, nilikuumiza", anyamaze, amwache aongee mpaka amalize. Hata kama atasema mambo ambayo siyo sahihi kabisa, kwa mfano kwamba alikuwa anacheka sokoni wakati wao wanalia. Siku ile siyo ya kusahihisha.

MASANJA: Dada wa Mwaloni, meseji yote tumeiandika, tutakutumia leo jioni. Ibadilishe iwe kwa maneno yako, maana rafiki yako anajua unavyoongea.