Kestionere ya maji: swali moja lenye maswali mbili ndani

FURAHA: Karibuni tena, tuko hapa Goma, mimi na Yaya Bahati. Yaya, wiki hii kuna kijana anketeri alinitumia swali yake, nakusomea vile iko: "Unakubali kama maji ya robine ya kartiye ni safi na bei yake ni nzuri?"

BAHATI: Aa, hapo kuna kazi. Wewe waza mama wa Ndosho anasema "hapana". Utaandika nini? Maji ni chafu, ao bei ni kali, ao yote mbili? Ile "hapana" huwezi kuitumia popote.

FURAHA: Na akisema "ndiyo"?

BAHATI: Njo mbaya zaidi, juu "unakubali kama" inamusukuma. Anketeri amefika na jile ya shirika, mama anawaza labda kuna msaada nyuma, pia ni mugeni, mugeni hawamukatalii, basi anasema ndiyo hata kama bidoni yake iko na matope chini.

FURAHA: Sasa tunaitengeneza namna gani?

BAHATI: Kwanza tunauliza kama anatumia ile robine: "Siku 7 zilizopita, kwenu mulichota maji kwenye robine ya kartiye?" Akisema hapana, unaruka zingine zote za robine. Kisha usafi peke yake: "Maji ya pale, unaona ni safi ao ni chafu?" Umeona, pande zote mbili ziko ndani ya swali, hakuna yenye inapendelewa. Akisema safi, unauliza sana ao kidogo, akisema chafu, vilevile. "Sijui" iko kwenye karatasi lakini haumusomei.

FURAHA: Na bei?

BAHATI: Bei anza na kitu anachokumbuka: "Mara ya mwisho, bidoni ya litre 20 ulilipa franga ngapi?" Njo unauliza: "Kwako, ile bei ni kubwa, ni ya kati, ao ni ndogo?"

FURAHA: Kwa hiyo kila "na" tunaikata?

BAHATI: Hapana. "Baba na mama wako wanaishi hapa?" ile kata, juu baba anaweza kuwa huku na mama Bukavu. Lakini "chumvi na sukari unanunua duka moja?" hiyo inauliza kitu kimoja tu. Jiulize: mutu anaweza kujibu ndiyo upande moja na hapana upande ingine? Kama anaweza, kata. Halafu jaribu na watu wachache wa kartiye mbele ya anketi, akijibu "safi" muulize "ulikuwa unawaza nini?" Utakuta mwingine anasema rangi, mwingine anasema harufu ya klori, basi na "safi" yenyewe inabidi uipasue tena.

FURAHA: Eh, kestionere itarefuka.

BAHATI: Itarefuka, ndiyo, toa maswali yenye hautatumia. Na kama mwaka jana uliuliza ile ya zamani, usilinganishe asilimia zake na hizi mupya, hata kama mukubwa wa kazi anakulazimisha, juu zinapima vitu tofauti.