Sabjekti mbili, imeili moja: nani kashinda kweli?

Haya karibuni, mliokaa kule nyuma sogeeni, viti vipo na feni ya huku mbele ndo inazunguka. Leo tunaongelea kutuma imeili ya ofa kwa sabjekti mbili tofauti, yaani kale kakichwa mtu anakokaona kabla hajafungua imeili, halafu kujua ipi imefanya vizuri. Kutuma kwenyewe si kazi, mifumo mingi ya kutuma imeili kwa mkupuo ina kitufe cha A/B, unabonyeza imeisha. Kazi iko kwenye kusoma majibu, na hapo ndo watu wengi wanajidanganya mchana kweupe.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Kuna lodji ya huku ziwani, tuseme upande wa Luchelele, ina imeili za wateja 2,400, wengi wa maofisini hapa Mwanza mjini, wengine wa Dar na Arusha waliowahi kuja kwenye semina wakalala pale. Namba nimezitunga mwenyewe ili hesabu zieleweke, kwa hiyo msianze kunong'onezana ni lodji ya nani.

Mama mwenye lodji anataka vyumba vijae wikiendi. Sabjekti A ameandika "Chumba 95,000 na sato wa kuchoma", sabjekti B "Kuna kitu tumekuwekea wikiendi hii". Ndani imeili ni ile ile, picha zile zile, jina la mtumaji lile lile, na kale kamstari ka kijivu kanakotokea chini ya sabjekti kwenye simu nako ni kale kale, maana ukibadilisha na kenyewe hutajua kilichomvuta mtu ni kipi. Halafu angalieni, zote mbili ni fupi. Simu nyingi zinakata sabjekti baada ya herufi thelathini na kitu hivi, sasa ukiandika salamu ndefu kwanza, bei ikaangukia huko kwenye nukta tatu, umepima vitu viwili ambavyo mteja hakuviona tofauti.

Sasa kugawa watu. Hapa naomba mnisikilize maana hapa ndo jaribio linakufa kabla hata halijatumwa. Mtu ana Eksel yake, anachukua majina 1,200 ya juu anawapa A, 1,200 ya chini anawapa B. Lakini Eksel hiyo imepangwaje? Mara nyingi ni kwa tarehe mtu alivyoingia, kwa hiyo juu wako wateja wa miaka minne iliyopita ambao wengine imeili walishaziacha, chini wako waliolala pale mwezi jana na bado wanakumbuka ladha ya sato. B itashinda hata ukiandika "aaaa". Wengine wanagawa kwa alfabeti, A mpaka L na M mpaka Z, na nyie mnajua Kanda ya Ziwa hii, herufi M peke yake ina kina Masanja, Magesa, Marwa, Mashauri, hayo makundi hayatalingana hata idadi. Mfumo wako ukigawa wenyewe kwa kubahatisha, mwachie agawe. Kama unagawa kwa mkono, weka safu mpya, andika fomula hii kila mstari, geuza ziwe namba za kawaida zisiendelee kubadilika, panga orodha kwa safu hiyo, ndo ukate katikati.

```
=RAND()
```

Na zote mbili zitoke muda ule ule. Ukituma A Jumatatu saa mbili asubuhi na B Ijumaa jioni umelinganisha Jumatatu na Ijumaa, sabjekti hazimo.

Basi imeili zimeenda, kesho yake mama anafungua ripoti. A imefunguliwa na watu 264 kati ya 1,200, hiyo ni asilimia 22. B imefunguliwa na 300, asilimia 25. Mfumo umeweka kikombe cha njano pembeni ya B. Meneja tayari kashapiga simu kwamba kuanzia leo sabjekti zote ziwe za fumbo.

Mwambie angoje. Swali la kujiuliza ni hili, je kama wote 2,400 wangepata sabjekti moja, ile ile neno kwa neno, makundi mawili yangefunguliwa sawa sawa? Hapana. Kuna mtu alikuwa kwenye kivuko anaenda Ukerewe mtandao hamna, kuna mtu bando limeisha, kuna mtu bosi kasimama nyuma yake. Hayo yote yanaangukia kundi hili au lile bila sababu, na yanaleta tofauti bila sabjekti kuhusika kabisa. Tena mnaweza kulijaribu hilo wenyewe, mwezi mmoja tumeni sabjekti moja kama A na hiyo hiyo kama B, muone kikombe cha njano kinavyotolewa vile vile.

Kwa hiyo tunataka kujua kama tofauti ya 36 ni kubwa kuliko ile ambayo bahati peke yake ingeleta. Kuna hesabu ya haraka, inafaa makundi yakiwa sawa kwa idadi. Jumlisha waliofungua pande zote mbili, tafuta kipeuo cha pili, ile alama ya ruti kwenye kalkuleta, zidisha kwa mbili. Tofauti yako ikiwa chini ya hapo, usiseme kitu.

```
=2*SQRT(264+300)
```

Inatoka kama 47. Tofauti yetu ni 36. Haijafika. Hesabu hii ni kali kidogo pale watu wengi wanapofungua, ukipiga ile kamili ya takwimu kiwango kinashuka mpaka 41 na kitu, ila bado 36 haifiki. Haina maana B si nzuri, ina maana ripoti hii moja haiwezi kumtofautisha B na bahati.

Kuna kaka kauliza hapa kama kufungua kwenyewe kunahesabiwaje. Swali zuri. Ndani ya imeili mfumo unaficha kapicha kadogo kasikoonekana, simu ikipakua kapicha, mfumo unaandika "kafungua". Tatizo tangu 2021 Apple waliweka kwenye programu yao ya Mail kitu cha kulinda faragha, kwa aliyekiwasha picha zinapakuliwa zenyewe hata kama mwenye simu hajagusa imeili. Yaani aifoni "inafungua" wakati mwenyewe kalala. Upande wa pili, mtu aliyezima picha anaweza akasoma imeili yako yote na asihesabiwe. Kwa sababu tumegawa kwa kubahatisha, huo uongo unaingia A na B karibu sawa, kwa hiyo haumpendelei mtu, lakini ile asilimia 22 na 25 msiitangaze popote kama ndo watu halisi, na huo uongo ukizidi tofauti ya kweli inazidi kufichika. Kama mfumo wako unaweza kuwatoa hao wa Apple kwenye hesabu, watoe, ila amua hivyo kabla hujaona matokeo.

Sasa mama afanyeje? Orodha yake ni 2,400, haiwezi kuongezeka kwa maombi. Ili uwe na nafasi nzuri ya kuiona tofauti ya asilimia 20 na 25 unahitaji watu kama 1,100 kila upande, hapo yuko sawa. Ila tofauti ya 20 na 22 inataka zaidi ya 6,000 kila upande, hiyo asihangaike nayo. Anachoweza ni kurudia wazo lile lile. Si maneno yale yale, wazo, bei wazi dhidi ya fumbo, kwenye ofa tatu zinazofuatana, kila mara anagawa watu upya, na ile tatu anaipanga kabla, sio anasimama siku namba zikimfurahisha.

Tuseme kafanya, kajumlisha zote tatu. Bei wazi imefunguliwa mara 785, fumbo mara 890. Tofauti 105. Piga ile hesabu, inatoka kama 82. Safi, sasa tumevuka, ni watu wale wale wanarudi kila mara kwa hiyo usiape, lakini kwa orodha hii fumbo inafungulisha zaidi, unaweza kusema hivyo bila kuona aibu.

Halafu tukashuka kwenye waliobonyeza linki ya bukingi. Bei wazi 92, fumbo 83. Eeh, imegeuka! Na hapa tena watu watakimbilia kusema bei wazi inauza zaidi. Pigeni hesabu kabla ya kukimbia, 92 na 83 ni 175, inatoka 26, tofauti ni 9. Hamna kitu. Fumbo imeleta macho 105 zaidi mlangoni na hakuna dalili kwamba imeleta mgeni hata mmoja wa ziada. Ukikaa ukifikiri inaeleweka, aliyeona 95,000 na sato akafungua alishajua anafuata nini, aliyefungua fumbo alitaka kujua tu, akaona ni chumba, akatoka. Hayo ya mwisho ni maelezo yangu, namba zenyewe hazisemi kwa nini.

Mibonyezo nayo ina mdudu wake lakini. Maofisi makubwa yana mitambo ya usalama inayobonyeza kila linki kuikagua kabla imeili haijamfikia mtu. Utaitambua, imeili imetoka saa tatu kamili, saa tatu na sekunde kumi linki zote zimebonyezwa mpaka ya kujitoa. Binadamu hafanyi hivyo. Watoe hao.

Na waliojitoa kwenye orodha: bei wazi 4, fumbo 11. Hesabu inasema 7.7, tofauti 7, imekosa kidogo sana. Mimi hapo ningekuwa mama ningeshaanza kuiangalia kwa jicho baya hiyo fumbo, maana faida yake haijaonekana na mteja aliyejitoa harudi kirahisi. Wikiendi ijayo ningetuma bei.

Kuhusu ile mifumo inayotuma kwa asilimia kumi A, asilimia kumi B, inasubiri saa chache halafu inamtumia "mshindi" waliobaki, kwa orodha kama hii izimeni. Ni watu 240 kila upande, baada ya saa nne umepata 20 kwa 29, kiwango ni 14, tofauti 9, na mashine inamtangaza mshindi tu kwa sababu imeambiwa imtangaze.

Dada wa pale ameinua mkono muda mrefu. Anasema ana duka la vitenge Makoroboi na imeili 180 tu, afanyeje. Dada, usipime sabjekti. Watu 90 kila upande, upate 18 kwa 27 ambayo kwenye ripoti itaonekana kubwa kweli, asilimia 20 kwa 30, na bado kiwango ni 13 na wewe una 9. Tuma wote sabjekti moja yenye bei na jina la kitenge, kisha wapigie wanunuzi kumi uwaulize walivutwa na nini.