Krimu ya uso haijaribiwi kwa dakika tano

Mama zangu na dada zangu wa Mtwara, nimeshalisema hili Mikindani na nitalisema tena hapa: kupaka testa mgongoni mwa kiganja, ukanusa, ukaona pametulia, hakujakwambia kitu kuhusu mzio. Umejua harufu na ulaini tu.

Chukueni mteja aliyepaka krimu dukani asubuhi, akaona shwari, akanunua kopo kubwa. Siku ya nne uso ukawasha, vipele vidogo vikatoka mashavuni na kope zikavimba. Akalaumu samaki aliyekula jana. Hapana, mama! Krimu kali huchoma ndani ya dakika au saa chache, lakini mzio wa ngozi huja taratibu. Kinga ya mwili huhitaji siku mbili tatu kuamka, na kama ndiyo mara ya kwanza ngozi kukutana na manukato au kihifadhi kile, huenda ikapita wiki nzima na zaidi.

Kwa hiyo omba sampuli, ujaribu upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kunjo la kiwiko. Paka eneo la ukubwa wa sarafu, asubuhi na jioni, palepale, bila kuosha mara baada ya kupaka. Endelea siku saba hadi kumi. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakavimba, acha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo pitisha kidole: ukihisi ukwaru au vijipele, hilo ni jibu.

Najua mtaniambia saseti moja haifiki siku saba. Ukipaka uso mzima, haifiki. Kwa sehemu ya sarafu unatumia kiasi cha punje ya mchele, inatosha. Ikunje mdomo, ibane kwa kibanio, iweke mbali na joto, na ukimaliza jaribio itupe iliyobaki. Duka likikosa saseti, nenda na kikopo chako kisafi, uombe wakupimie kutoka chupa ya pampu. Kopo la testa lililo wazi, ambalo kila mtu ametumbukiza kidole, msiliguse.

Na hata mkono ukikaa kimya, anza usoni na kipande kidogo nyuma ya taya, maana ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ya mkono. Sabuni na vitu vya kuosha havifai kuachwa mkononi namna hii.

Muda umeniishia, lakini haya mawili siyaachi. Lipstiki ya testa haigusi mdomo, kwa sababu virusi vya vidonda vya mdomoni huhama hivyo. Ijaribuni rangi kwenye karatasi. Na piko iliyochanganywa na dawa ya kupaka nywele nyeusi msiijaribu nyumbani kabisa, inaweza kumwachia bibi harusi malengelenge na mzio wa maisha. Hina ya majani matupu hutoa rangi ya chungwa hadi hudhurungi. Mkiletewa nyeusi tii inayoshika haraka, ikataeni.