Jicho la mteja linaishia wapi? Mhadhara kuhusu mpangilio wa duka dogo

Karibuni. Nimesoma rasimu zenu za kazi ya kupanga duka la Kirumba, hapa Mwanza, na karibu makundi yote yamefanya jambo moja: mmechukua mpangilio wa supamaketi, mkaupunguza, mkaupachika kwenye chumba cha mita 3 kwa 4. Sukari mmeiweka nyuma kabisa "ili mteja apite kwenye bidhaa nyingine akiifuata". Leo nataka tukae hapo hapo, maana kosa hilo likieleweka, nusu ya kazi imekwisha.

Wazo la kuweka kinachotafutwa sana mbali na mlango lina maana pale mteja anapotembea mwenyewe. Mwaka 1916, kule Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly. Mteja alipita kwenye kizuizi cha kuzunguka, akafuata njia moja kati ya shelfu, akachukua vitu kwa mkono wake na kulipa mwishoni. Kabla ya hapo mteja alisimama mbele ya kaunta na karani akamletea. Mafundisho mengi ya njia na korido yamejengwa juu ya mteja wa namna ya Saunders, yule mwenye miguu ndani ya duka.

Sasa tazameni duka la kazi yenu. Nimelitunga kutokana na maduka mengi niliyosimama mbele yake kwenye barabara ya kushuka soko la samaki la Mwaloni. Kuna kaunta upande mzima wa mbele, juu yake wavu wenye dirisha, na mama mwenye duka yuko ndani. Mteja haingii. Mkiweka gunia la sukari nyuma, anayetembea ni Mama. Tuseme sukari inaulizwa mara 40 kwa siku, na gunia liko mita 3 kutoka kwenye mizani. Kwenda na kurudi ni mita 6, kwa hiyo siku nzima anatembea mita 240 kwa ajili ya sukari tu, huku watu wakisubiri dirishani. Mteja hajapita mbele ya bidhaa hata moja. Amesimama tu, na wa nyuma yake ameona foleni, akaenda duka la pili.

Kwa hiyo duka la kaunta lina njia mbili za kupangwa: njia ya miguu ya muuzaji na njia ya jicho la mteja. Ya kwanza ni rahisi. Sukari, unga, mchele na mafuta ya kupima vikae hatua moja kutoka kwenye mizani, hata chini sakafuni juu ya mbao, kwa sababu havihitaji kuonekana. Hakuna mtu anayekumbuka sukari baada ya kuiona. Ameshatumwa sukari.

Njia ya jicho ndiyo nataka tuipime. Mwanza yetu ni ya miamba na miteremko, na maduka mengi yana ngazi au msingi ulioinuliwa. Kwenye kazi hii mteja anasimama sentimita 30 chini ya sakafu ya duka. Mtu mzima ambaye jicho lake liko sentimita 150 kutoka alipokanyaga, akisimama pale, jicho lake linakuwa sentimita 120 juu ya sakafu ya Mama. Mama anapanga shelfu akiwa ndani, kwa jicho lake yeye, anaona sentimita 150 ndiyo mbele ya macho. Wanatofautiana karibu shelfu nzima.

Kaunta ina kimo cha sentimita 100 na upana wa 60. Mteja akisimama na jicho lake sentimita 30 kutoka kwenye kaunta, chukueni kamba, mvute kutoka kwenye jicho hilo, ipite juu ya ukingo wa ndani wa kaunta, ifike kwenye shelfu za ukuta wa nyuma zilizo mita 4 kutoka jichoni. Kamba inashuka sentimita 20 katika sentimita 90 za kwanza, na kwa mwendo huo inagusa shelfu kwenye kimo cha sentimita 31 hivi. Maana yake kaunta ikiwa tupu, mteja anaona karibu ukuta wote.

Lakini haiwi tupu. Mama amepanga maboksi ya biskuti na ndoo za pipi kwenye ukingo wa ndani, yenye kimo cha sentimita 30, mwanzo hadi mwisho. Vuteni kamba tena juu ya maboksi hayo. Sasa inapanda, na inagusa ukuta kwenye sentimita 164. Kila kitu chini ya hapo kimefichwa. Shelfu zenu ziko kwenye kimo cha sentimita 30, 70, 110, 150 na 190. Mteja anaona vichwa vya chupa za shelfu ya nne, kisha shelfu ya juu kabisa. Na shelfu ya juu Mama ameweka nini? Makatoni yaliyofungwa. Shelfu pekee anayoiona mteja imegeuzwa stoo.

Mmoja wenu ameandika kwamba duka "halina mvuto". Mtu akisoma hivyo atanunua rangi na taa za urembo. Kamba inasema jambo jingine: sogeza maboksi yaende pembeni, acha mita moja katikati wazi, au weka treyi fupi. Kitu cha sentimita 10 pale ukingoni kinaficha kilicho chini ya sentimita 76 tu. Cha sentimita 20 kinafikia usawa wa jicho lenyewe na kuficha vyote vilivyo chini yake. Hilo halina gharama yoyote.

Tusimsahau mtoto. Nusu ya utoto wangu nilitumwa dukani, na nilichokuwa nakiona ni ubao wa kaunta na vitu vilivyoning'inia. Mtoto ambaye jicho lake liko sentimita 110, akisimama chini pale, jicho linakuwa sentimita 80, yaani chini ya kaunta. Shelfu zote kwake hazipo. Anachokiona ni wavu. Kwa hiyo wavu wenyewe ni shelfu, na ndipo pa kutundika pakiti ndogo, kwa ndani, kwa ndoano.

Tukishajua jicho linafika wapi, tunaamua nini kikae pale. Mimi natenganisha bidhaa kwa swali moja: mteja anakuja nayo mdomoni, au anaikumbuka akiiona? Chumvi, sukari, vocha, gesi, anakuja navyo. Dawa ya meno, nyembe, viungo, betri, sindano na uzi, anavikumbuka. Hivi vya pili vipewe shelfu za sentimita 110 na 150, vikitazama mbele, bei imeandikwa kwa maandishi makubwa.

Kuna kundi la tatu ambalo sikulikuta kwenye rasimu hata moja, na naomba mlichukulie kwa uzito: vitu ambavyo mteja anavitaka lakini hawezi kuvitamka. Taulo za kike. Kondomu. Binti amesimama dirishani, nyuma yake wanaume watatu wanasubiri sigara. Kama taulo ziko chini ya kaunta, lazima aseme kwa sauti, na mara nyingi atanunua pipi aondoke. Zikionekana, ananyoosha kidole, na Mama anazifunga kwenye gazeti bila neno. Ziwekwe upande ule wa shelfu ambao mtu wa dirishani anauona vizuri.

Kuhusu hali ya duka nitasema kidogo. Philip Kotler, mtaalamu wa masoko, alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1973 alitaja kuona, kusikia, kunusa na kugusa. Muziki tuuache. Utafiti wa Milliman wa mwaka 1982, ule wa muziki wa taratibu uliowafanya wateja wa supamaketi kutembea polepole na kununua zaidi, unahusu watu wanaotembea. Hapa redio ikipigwa kwa sauti kubwa, mteja anasema "kiberiti", Mama analeta "biskuti". Harufu ndiyo ya kushughulikia: unga na mchele vinanyonya harufu, na mmeniwekea sabuni ya unga na dumu la mafuta ya taa jirani yake. Mteja atagundua akipika ugali, hatarudi kulalamika, atahama.

Na mwanga. Duka hili linatazama magharibi. Saa kumi jua linapiga uso wa duka, na mtu aliyetoka kwenye jua hilo akichungulia ndani anaona giza. Balbu iliyoning'inia katikati ya dirisha inammulika mteja machoni. Isogezwe ndani, imulike shelfu, na ukuta wa nyuma upakwe chokaa nyeupe. Mafuta ya kula yaliyo kwenye chupa angavu yasikae dirishani, jua linayachachusha.

Mtajuaje kama mmefanikiwa? Mwambieni Mama aweke daftari, na kila mteja anaposema "Kuna...?" akiulizia kitu ambacho kipo, apige mstari mmoja. Mstari ule ni bidhaa isiyoonekana. Hesabuni kabla, badilisheni jambo moja tu, hesabuni tena. Msipime kwa mauzo peke yake, hasa Kirumba, kwa sababu fedha ya pale ni ya dagaa, nayo inakwenda na mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mitumbwi mingi inabaki nchi kavu na mifuko inakauka. Mkipima wiki mbili za giza, mkahamisha maboksi, mkapima wiki mbili za mbalamwezi, mtaandika kwamba mpangilio mpya umeua duka. Linganisheni giza na giza.

Naona mkono. Sema dada.

"Mwalimu, Mama wa duka tulilotembelea sisi alikataa kuondoa maboksi. Anasema yanamkinga, vijana wananyoosha mkono dirishani."

Amesema kweli, na nyinyi msimbishie. Boksi pale linafanya kazi mbili, kuuza na kulinda. Mkiliondoa, lazima kazi ya pili mmpe mfanyakazi mwingine. Shusheni wavu hadi kwenye kaunta katikati pale, dirisha la kupitishia mzigo lihamie pembeni karibu na mizani. Jicho linapita kwenye wavu, mkono haupiti. Ila pimeni kwanza matundu: wavu wenye matundu madogo na kutu unaficha karibu sawa na boksi. Piga picha kwa simu, ukiishika sentimita 150 kutoka chini pale anaposimama mteja, kisha mwonyeshe Mama. Wengi hawajawahi kuliona duka lao kutoka upande ule.

Jumatatu kila kundi lije na picha mbili, ya mtu mzima na ya mtoto, na mchoro wa kamba wenye vipimo. Shelfu mtazipanga baada ya hapo.