Kunakili diski nzima: kompyuta iwake kwanza, nafasi iongezwe baadaye

Ndugu zangu mafundi, nitazungumzia jambo moja ambalo wengi hapa Kampala mmenisikia nikilirudia: mteja akileta kompyuta mpakato yenye diski ndogo iliyochoka pamoja na diski mpya kubwa, kazi yetu ni kunakili diski nzima, si kunakili mafaili yake. Nafasi ya ziada haiguswi kabla kompyuta haijawaka kwa diski mpya peke yake.

Tuchukue mfano wa mchapishaji wa Nasser Road. Diski yake ya zamani ni ya gigabaiti 500, nayo imebeba Windows, programu ya kupanga kurasa na violezo vya kadi na risiti vya miaka mingi. CD ya programu ilipotea zamani. Nikieleza kisa cha namna hii, huwa ninaulizwa kwa nini nisiweke Windows upya kisha nirudishe mafaili. Jibu langu halijabadilika: mteja huyu hakuomba Windows, ameomba meza yake ya kazi ilivyokuwa jana, na leseni ya programu isiyo na CD hairudi kwa kuburuta mafolda.

Zaidi ya hapo, mafaili hayatoshi kuwasha kompyuta. Katika kompyuta ya UEFI kuna sehemu ndogo ya diski iitwayo EFI, ambayo kwa kawaida haina herufi, kwa hiyo mtumiaji haioni akifungua folda zake. Ubao mama unaitafuta sehemu hiyo kwa namba yake ya utambulisho, na faili la kuwashia lililomo ndani yake nalo linaitafuta C: kwa namba ya diski na namba ya sehemu. Anayenakili mafaili huziacha namba hizo nyuma, ilhali anayenakili diski sekta kwa sekta huzibeba zote, na ndiyo maana Windows haioni kwamba imehama.

Sasa kazi yenyewe. Ndani ya Windows ya mteja ninafungua kidirisha cha amri kwa haki za msimamizi na kuandika amri mbili:

```
reagentc /disable
shutdown /s /t 0
```

Ya kwanza inarudisha vifaa vya uokoaji ndani ya C:, na faida yake mtaiona baadaye. Ya pili inazima kompyuta kikamilifu, kwa sababu kuzima kwa kawaida kunaweza kuiacha Windows katika usingizi wa nusu, na sehemu ya C: iliyolala hivyo haitakubali kupanuliwa kutoka nje.

Kisha ninaiwasha kwa flashi yenye SystemRescue, mfumo wa Linux wa uokoaji. Diski mpya ya terabaiti 1 nimeiunganisha kwa kasha la USB, na nimechomeka flashi ya pili ya kutunzia kumbukumbu ya kazi. Kabla ya chochote ninaandika:

```
lsblk -o NAME,SIZE,LOG-SEC,MODEL,SERIAL
```

Hapa fundi asiwe na haraka hata kidogo. Diski ya zamani itaonyesha ukubwa wa 465.8G na mpya 931.5G, nami ninalinganisha pia namba ya kiwandani iliyo kwenye skrini na ile iliyobandikwa kwenye diski. Majina sda na sdc hutolewa upya kila kompyuta inapowaka, kwa hiyo jina lililokuwa sahihi asubuhi linaweza kuwa la diski nyingine jioni, na anayebadilisha chanzo na lengo anafuta kazi ya miaka ya mteja bila kuulizwa swali lolote. Tazameni vilevile safu ya LOG-SEC: diski zote mbili zisome 512. Yapo makasha ya USB yanayotangaza 4096, na nakala iliyoandikwa kupitia kasha kama hilo haitasomeka diski ikiingizwa ndani ya kompyuta.

Tuseme chanzo ni sda, lengo ni sdc, na flashi ya kumbukumbu imefunguliwa kwenye /mnt:

```
ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdc /mnt/ramani.map
ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdc /mnt/ramani.map
```

Mzunguko wa kwanza unachukua kinachosomeka kwa urahisi, na wa pili unarudi kwenye sekta sumbufu na kuzijaribu tena mara tatu. Wapo wanaosema dd inatosha. Inatosha kwa diski nzima isiyo na jeraha, lakini diski inayoletwa kwetu mara nyingi imeshaanza kuchoka, na dd ya kawaida husimama inapokutana na kosa la kusoma. Kuna sababu nyingine inayotuhusu sana hapa. Kwa megabaiti 100 kwa sekunde, gigabaiti 500 huchukua takribani saa moja na nusu, na kupitia USB 2.0 huweza kufika saa nne. Betri ya kompyuta kuukuu haihimili muda huo umeme ukikatika. Faili la ramani huandika kila eneo lililokwisha kunakiliwa, hivyo umeme ukirudi unatoa amri ileile, baada ya kuifungua tena flashi ya pili kwenye /mnt na kuyahakiki majina, na kazi inaendelea ilipokomea. Ndiyo sababu ramani hukaa kwenye flashi ya pili: ikiwekwa katika kumbukumbu ya muda ya SystemRescue, inapotea pamoja na umeme.

Kazi ikiisha, zima, toa diski ya zamani, weka mpya mahali pake, uwashe. Msiziache zote mbili zimeunganishwa. Zina namba moja ya utambulisho, na Windows ikikuta mapacha hao itamweka mmoja katika hali ya Offline, asifunguke, au itampa namba mpya ukimlazimisha kufunguka, na huyo huenda asiwake tena.

Windows ikishawaka, mteja ataona C: ina ukubwa uleule wa zamani na atadhani mmemdanganya. Nafasi mpya ipo mwishoni mwa diski, lakini kati yake na C: imekaa sehemu ya uokoaji, na Windows hupanua C: kwa nafasi iliyo bega kwa bega nayo tu, ndiyo maana Extend Volume huwa imefifia. Rudini kwenye SystemRescue, hakikini kwa lsblk jina la diski mpya, ambayo sasa tuseme ni sda, kisha mpeleke nakala ya jedwali la GPT kwenye mwisho mpya wa diski:

```
sgdisk -e /dev/sda
```

Baada ya hapo fungueni GParted, isogezeni sehemu ya uokoaji hadi mwisho kabisa, mpanue C: kujaza nafasi iliyobaki. Mkirudi ndani ya Windows, andikeni `reagentc /enable`, kisha `reagentc /info` kuthibitisha kwamba uokoaji umekubali makazi mapya.

Muda wangu unakwisha, kwa hiyo nitayataja mawili kwa ufupi. C: iliyofungwa kwa BitLocker haipanuliwi kwa GParted: mwombeni mteja ufunguo wa kurejesha kabla ya kuanza, na upanuzi ufanyike ndani ya Windows. Tena, zipo leseni chache zilizofungwa kwenye namba ya kiwandani ya diski yenyewe, na hiyo hainakiliki kwa njia yoyote, kwa hiyo mteja aambiwe kabla ya malipo, na diski ya zamani arudishiwe bila kufutwa.