Kilo Shilingi Ngapi?

ZUHURA: Tumerudi, wasikilizaji. Shaibu leo kanuna, salamu yenyewe kaitoa kwa mafungu.

SHAIBU: Acha tu, Da Zuhu. Wiki hii nimepata meseji kumi na moja. Tisa zinauliza kilo ya korosho shilingi ngapi.

ZUHURA: Wewe mchora lebo!

SHAIBU: Na mmoja yuko Newala. Newala, mikorosho mpaka uani!

ZUHURA: (anacheka) Kwani uliposti nini?

SHAIBU: Ile lebo ya korosho niliyomchorea mama wa Shangani. Karuseli ya picha saba, Instagram. Ya kwanza pakiti mpya, inang'aa. Ya pili rasimu zangu za penseli. Zikafuata rangi na herufi, kisha lebo ya zamani na mpya, halafu matokeo, mwisho namba yangu.

ZUHURA: Sasa picha ya kwanza inauza korosho, wewe haikuuzi. Ungeweka lebo ya zamani kushoto, mpya kulia, na maandishi makubwa: "Duka liliikataa hii. Nikaichora upya."

SHAIBU: Matokeo mwanzoni? Nani atatelezesha mpaka mwisho? Kwanza ujuzi, halafu kazi ilivyokwenda, ndipo matokeo.

ZUHURA: Mteja anatafuta fundi, hajaja kusikiliza ngano. Tena asipotelezesha, Instagram wakati mwingine humrudishia posti ileile ikianzia picha ya pili. Yako ni penseli tupu! Atajuaje ni nini?

SHAIBU: Rasimu siitoi. Bila hiyo nitaonekana nimebandika kiolezo cha bure.

ZUHURA: Usiitoe, iandikie. "Hapa nilihamisha uzito na tarehe ya kuisha kutoka nyuma kuja mbele." Hapo mtu anaona umefikiri.

SHAIBU: Hilo sawa. Ila matokeo yanabaki mwisho.

ZUHURA: Na hayo matokeo uliandikaje?

SHAIBU: "Mauzo yamepanda."

ZUHURA: Mwezi gani?

SHAIBU: Novemba.

ZUHURA: Novemba, msimu wenyewe! Aliyepandisha mauzo ni lebo au msimu?

SHAIBU: (kimya) Vyote.

ZUHURA: Andika kile ambacho ni cha lebo peke yake. Duka lilirudisha pakiti kwa kukosa tarehe, baada ya lebo mpya likazipokea. Hilo mama mwenyewe anaweza kulithibitisha akipigiwa simu.

SHAIBU: Kwa hiyo limekuwa zuri, ndiyo nilibakishe mwisho, mtu aende nalo.

ZUHURA: Ataenda nalo wapi, na aliishia picha ya kwanza akaulizia kilo?

SHAIBU: Basi weka yako, mimi niweke yangu.

ZUHURA: Yangu haitaulizwa korosho.

SHAIBU: Tulisema leo tufundishe ukubwa wa herufi, na jinsi ya kuandika bei...

ZUHURA: Muda umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Simu yako hiyo inalia.

SHAIBU: Ngoja. "Habari kaka, nimeona kazi yako, nimeipenda sana..."

ZUHURA: Eeh! Umeona?

SHAIBU: "...zenye chumvi zipo?"