Magoti, presha na figo: niliyoyasema Kibirizi

Wazee wangu shikamooni, kina mama, na nyie vijana wa kubeba magunia hapo mwaloni, karibuni msogee mbele. Hili la dawa za maumivu kama diklofenaki na brufeni kuumiza figo nishalisema Ujiji, nimelisema Mwanga, na leo nalisema tena kwa sababu bado naletewa watu wale wale.

Kuna mama mmoja, muuza dagaa kama nyie, miaka 64. Presha anayo, anameza losatani pamoja na ile dawa ya kukojosha, haidroklorothiazaidi, na presha yake ilikuwa imetulia kabisa. Sasa magoti. Kuinama kutwa nzima kuanika dagaa, magoti yakagoma, akaenda duka la dawa akapewa diklofenaki ya miligramu 50, kutwa mara 3. Siku ya pili akapata nafuu, basi akaendelea. Wiki ya pili tumbo la kuharisha likamshika, siku 2, na dawa zote akaendelea nazo, kwani nani alimwambia aache? Alipofika kwangu mdomo umekauka, presha iko 90 kwa 60, na mkojo ni wa kikombe tu tangu jana yake. Kreatinini, ule uchafu wa damu ambao figo inatakiwa iutoe, ilikuwa 390, wakati kwa mama kama yeye tunategemea iwe chini ya 100 hivi. Na kipimo cha miezi 2 nyuma kilikuwa safi, kimeandikwa kwenye kadi yake.

Sasa nisikilizeni hapa. Figo ina vichujio vidogo vidogo, kila kichujio kina mshipa wa kuingiza damu na mshipa wa kuitoa, na ili damu ichujwe lazima presha iwepo katikati. Mwili ukipungukiwa maji, figo inatengeneza kitu kinaitwa prostaglandini, kinauachia mshipa wa kuingiza ubaki wazi damu isikatike. Diklofenaki, brufeni, meloksikamu, zote kazi yake ni kuzuia hiyo prostaglandini, ndo maana maumivu na uvimbe vinapungua, lakini dawa haijui hili ni goti na hii ni figo. Kwa hiyo mlango wa kuingilia ukabanwa. Losatani nayo inalegeza mlango wa kutokea. Dawa ya kukojosha na kuharisha vikamaliza maji. Presha ya kuchujia itoke wapi?

Tulisimamisha zote 3, tukamwekea dripu, siku ya pili mkojo ukaanza kuja, na baada ya wiki 2 kreatinini ikawa 105, ndo tukamrudishia za presha. Aliwahi. Wapo ambao figo hazirudi.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mimi nina miaka 10 nazitumia sijaona kitu. Wewe una miaka 30, unakunywa maji, huna presha, unameza 2 ukirudi ziwani basi. Mama yako hayuko hivyo, usimpe vidonge vyako.

Na wengine mnaniambia dokta mimi tumbo langu linauma nikimeza, kwa hiyo nachomwa sindano. Jamani! Sindano inaingia kwenye damu, na damu inafika tumboni. Ute unaozuia asidi isiunguze ukuta wa tumbo unatengenezwa kwa msaada wa prostaglandini hiyo hiyo, ikizuiwa ute unapungua, na damu ya kulisha ukuta inapungua pia. Ukiweka dawa kwenye msuli wa tako, ute bado unapungua. Kula kwanza ndo umeze kunapunguza kichefuchefu, kidonda hakukizuii. Na kidonda hiki mara nyingi hakiumi, maana umekunywa dawa ya maumivu! Mtu anashtuka anapata choo cheusi kama lami, kinateleza na kunuka, au anatapika kitu kama unga wa kahawa. Hiyo ni damu, nenda hospitali usiku huo huo, usisubiri kukuche.

Wa kuogopa zaidi kwa tumbo ni aliyewahi kuwa na vidonda, mwenye umri zaidi ya 65, anayemeza aspirini ya moyo au wafarini, na anayetumia predinisoloni. Kwa figo ni wenye kisukari, moyo uliochoka, presha kama mama yule, na yeyote anayeharisha au kutapika. Wajawazito kuanzia wiki ya 20 msitumie hizi diklofenaki na wenzake bila daktari, figo za mtoto nazo zinaguswa.

Muda naona umeisha. Mliouliza mnywe nini badala yake, paracetamoli ya miligramu 500, vidonge 2, mkirudia muache angalau masaa 6, visizidi 8 kwa siku nzima, na mwenye ini bovu au mnywaji wa gongo aniulize kwanza. Wenye dawa za presha, njooni na mifuko yenu hapa mezani tuangalie mnameza nini na nini kwa pamoja.